Kifundo Kimeteguka, Miguu Haijateguka

Miongoni mwa watu wanaofanya mazoezi Ngagara, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ambao wenyeji wengi bado wanauita Okafu kwa jina la ofisi ya makazi iliyoujenga katika miaka ya 1950, imekubalika kama sheria isiyoandikwa kwamba mtu aliyeteguka kifundo cha mkono anapaswa kuacha mazoezi yote hadi mkono upone. Ushauri huo hutolewa na makocha wa mpira wa kikapu, na viongozi wa makundi yanayokimbia pamoja asubuhi za mwisho wa wiki, na wazazi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya. Na kwa kuwa hutolewa kwa nia njema na kwa sauti ya busara, ni nadra mtu kuuliza umesimama juu ya hoja gani. Makala hii inashikilia kwamba ushauri huo ni mbaya, kwa sababu unachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani kukilinda kiungo kilichoumia na kuupumzisha mwili ambao haukuumia. Mwenye kuteguka anaweza, baada ya siku chache tu, kuendelea kuongeza nguvu ya miguu, ya kiwiliwili na ya mkono mzima, na hata kuhifadhi sehemu kubwa ya nguvu ya bega na kifua cha upande ulioumia, mradi ajue ni zoezi gani la kuacha na lipi la kuweka mahali pake.

Haki inadai kwanza kukubali mahali ambapo wanaoshauri mapumziko wako sahihi. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyofungwa pamoja kwa kano za maungio, ambazo ni nyuzi ngumu zinazoshika mfupa kwa mfupa, na mtu anapoanguka akajizuia kwa kiganja kilichofunguliwa, kano hizo huvutwa kupita kiasi au kuchanika. Nyuzi chache zikichanika, maumivu ya kila siku kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hadi tatu. Kano ikichanika nusu, kazi huchukua wiki nyingi zaidi. Nayo ikikatika kabisa, huenda upasuaji ukahitajika. Lakini anguko hilohilo ndilo linalovunja mfupa uitwao skafoidi, ulio upande wa kidole gumba, na mvunjiko huo hudanganya, kwa kuwa uvimbe unaweza kuwa mdogo na picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isiuonyeshe. Dalili yake kuu ni maumivu makali mtu anapobonyezwa katika kishimo kinachojitokeza nyuma ya mkono, chini kidogo ya kidole gumba, wakati kidole hicho kimeinuliwa, au kidole gumba kinaposukumwa kuelekea kifundoni. Damu huingia katika mfupa huo kutoka upande wa vidole, hivyo kipande kilichotengwa na mtiririko huo kinaweza kufa mtu akiwa bado anaamini kwamba ameteguka tu. Kwa hiyo mwenye dalili hiyo hufungwa banzi na kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14, na Ngagara haiko mbali na hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge inayojulikana kama Roi Khaled. Ganzi ya vidole, umbo la mkono lililopinda, au mlio wa kugonga wenye maumivu katikati ya kifundo navyo havingojei.

Tahadhari hiyo, hata hivyo, inahusu kifundo peke yake. Hata mtu aliyevunjika skafoidi, akiwa amefungwa plasta ipasavyo, hana jeraha lolote katika nyonga wala katika goti, na hoja ya kumlaza mwili mzima kwa ajili ya mfupa huo haijawahi kutolewa wazi na yeyote. Husemwa tu kama jambo linalojulikana.

Imani ya mapumziko kamili ina historia, na historia yake haiipi nguvu inayodhaniwa. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin, katika kitabu chake cha tiba ya michezo, aliweka pamoja maelekezo manne kwa jeraha jipya, yaani mapumziko, barafu, kukaza kwa bendeji na kuinua kiungo, na maelekezo hayo yakaenea katika vyumba vya kubadilishia nguo vya dunia nzima. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe alirekebisha msimamo wake na kuandika kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha uponaji badala ya kuusaidia. Ikumbukwe pia kwamba hata maelekezo ya mwanzo yalihusu kiungo kilichoumia katika saa na siku za kwanza, na wala hayakumwambia mtu aliyeteguka mkono kwamba miguu yake ilale wiki sita.

Hoja ya kwanza ya wanaotetea mapumziko, pale wanapolazimika kutoa hoja, ni kwamba mwili una akiba moja ya nguvu na kwamba akiba hiyo yote inahitajika kwa kuponya. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Kurekebisha kano chache za kifundo ni kazi ndogo kwa mwili wa mtu mzima mwenye afya, na mazoezi ya miguu ya kiasi alichokizoea hayaipori kazi hiyo kitu chochote. Kinachoipora ni njaa na kukosa usingizi. Wengi wanaoacha mazoezi hupunguza pia chakula, kwa kuamini kwamba asiyefanya kazi hahitaji kula, na hapo ndipo tishu inayojengwa hukosa protini. Sahani ya maharagwe na ndagala inayokatwa kwa sababu ya mapumziko ina madhara makubwa kwa kifundo kuliko seti kumi za kuchuchumaa.

Hoja ya pili ni ya uzani wa pande mbili: inasemwa kwamba akifanyisha mazoezi mkono mzima peke yake, mtu atakuwa na upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, na kwamba ni afadhali mikono yote miwili ishuke pamoja. Hapa imani ya kawaida imepinduka kabisa. Tangu mwaka 1894, Scripture na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walipochapisha majaribio yao, imejulikana kwamba mkono mmoja unapofanyishwa mazoezi, ule mwingine usiofanya lolote nao huongezeka nguvu. Jambo hilo, linaloweza kuitwa uhamisho wa nguvu, halitokani na misuli kukua upande wa pili, bali linatokana na ubongo na uti wa mgongo, kwa kuwa amri inayotumwa kwa mkono mmoja huacha athari katika njia za neva zinazouhudumia mwingine. Kiasi chake ni cha wastani, takribani asilimia 8 hadi 12 kwa mujibu wa tathmini zilizokusanya majaribio mengi, na mtu asitarajie miujiza. Lakini thamani yake ni kubwa pale ambapo mkono wa pili umefungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan nchini Kanada walionyesha mwaka 2009 kwamba watu waliofungwa plasta kwenye kigasha kwa wiki tatu walipoteza nguvu, ilhali wenzao waliofungwa vivyo hivyo huku wakifanyisha mazoezi mkono ulio huru walibaki nayo. Na mwaka 2013 kundi hilo la watafiti liliripoti kwamba wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 50 waliovunjika kifundo, walipofanyisha mazoezi mkono mzima, walikuwa na mshiko bora wa mkono ulioumia katika wiki ya 12 kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Hivyo anayeuacha mkono mzima ulale kwa jina la usawa anaunyima mkono mgonjwa msaada pekee wa mazoezi usiougusa.

Kuna jambo moja la kuangaliwa katika kuutumia msaada huo. Mtu anapokaza mkono mzima kwa nguvu zake zote, mkono ulioumia nao hujikunja ngumi bila kukusudia, na kukaza huko huvuta kano zinazopaswa kutulia. Dawa yake ni kuuweka mkono mgonjwa juu ya paja au ubavuni ukiwa ndani ya banzi, vidole vikiwa vimelegea, na kuutazama wakati wa kila seti. Vidole vikianza kujikunja, uzito upunguzwe.

Hoja ya tatu ndiyo inayowashawishi vijana zaidi, na ndiyo inayostahili jibu refu: inasemwa kwamba bila mikono hakuna mazoezi. Ni ajabu hoja hiyo kusikika Bujumbura, jiji ambalo mchezo wake mkubwa wa umma ni kukimbia kwa makundi, na ambalo wakimbiaji wake walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 2014 wakuu wa serikali waliamua kuyawekea makundi hayo mipaka ya mahali pa kukimbilia. Hata hivyo mazoezi ya nguvu ya vijana wa mtaa ni kweli kwamba yamejengwa juu ya viganja: pompi, yaani kujisukuma kutoka sakafuni kifudifudi, kujivuta kwenye chuma, na kuchuchumaa na chuma cha uzito kilicholazwa mabegani, ambacho hushikwa kwa vifundo vilivyopinda nyuma. Mtu akiyatazama mazoezi hayo kwa majina yake, ataona kwamba yote yamefungwa. Akiuliza uzito unapita wapi katika kila moja, ataona kwamba kiganja ni mlango tu, na kwamba misuli inayokusudiwa inaweza kufikiwa kwa mlango mwingine.

Kifua ni mfano mzuri. Kazi ya msuli mkubwa wa kifua ni kuuvuta mfupa wa mkono wa juu uje mbele ya mwili, na msuli huo unaishia kwenye mfupa huo, juu ya kiwiko. Kigasha na kiganja havimo katika kazi yake. Kwa hiyo mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ambao fundi yeyote wa baiskeli anao, unatosha kuchukua nafasi ya pompi. Mpira hukatwa sehemu ya pua ili upatikane ukanda mrefu, ncha moja hufungwa kwenye nguzo imara kwa urefu wa kifua, na ncha nyingine hufanywa kitanzi kipana kilichotandikwa kitambaa, kinachovaliwa juu kidogo ya kiwiko. Mtu akiipa nguzo mgongo, akainua mkono ubavuni chini kidogo ya usawa wa bega, kisha akakileta kiwiko mbele ya kifua kwa sekunde mbili na kukirudisha kwa sekunde tatu, kifua hufanya kazi huku mkono wa chini ukining'inia bila mzigo. Akigeuka na kuitazama nguzo, akakivuta kiwiko nyuma kupita mbavu, mgongo hufanya kazi iliyofanywa na kujivuta kwenye chuma. Kwa misuli ya nyuma ya mkono, kitanzi hushushwa hadi nusu ya juu ya kigasha, mbali na kifundo, na mkono hunyooshwa dhidi ya mpira. Mpira wenye nyufa usitumike, kwa maana ukikatika hurudi kwa nguvu usoni, na mtu aliyestuka huinua mkono wowote ulio karibu kujikinga.

Mazoezi hayo ya kitanzi yana kikomo, na kukificha kikomo hicho kungekuwa kuwapa silaha wanaotetea mapumziko. Mpira wa baiskeli hauwezi kumpa mtu mwenye nguvu mzigo mkubwa, hivyo kifua na mgongo wa upande ulioumia vitahifadhiwa bila kuongezeka sana. Mshiko wenyewe wa mkono mgonjwa utashuka. Mahali penye maendeleo ya kweli ni miguu, nyonga, kiwiliwili na mkono mzima, na hayo si machache.

Kwa miguu, hesabu inaonyesha jinsi chuma kinavyoweza kuachwa bila hasara kubwa. Achukuliwe kijana mwenye uzito wa kilo 68 ambaye kabla ya kuteguka alikuwa akichuchumaa na chuma cha kilo 60. Jumla ni kilo 128, na kila mguu ulibeba takribani kilo 64. Sasa kijana huyo avae begi la mgongoni lenye kilo 12 za mchanga, ambazo ni kama lita saba na nusu za mchanga mkavu, aweke mguu mmoja nyuma juu ya benchi la kimo cha goti, akunje mikono kifuani, na achuchumae kwa mguu wa mbele. Jumla ni kilo 80, na kwa kuwa katika mkao huo mguu wa mbele hubeba takribani asilimia 80 ya mzigo, unabeba kilo 64. Hesabu hiyo ni ya makadirio, kwa sababu haitoi uzito wa sehemu za mwili zisizoinuliwa na haizingatii kwamba mkao wa mguu mmoja unadai usawazisho zaidi, lakini inatosha kuonyesha kwamba mguu hautambui kama mzigo wake umetoka kwenye chuma cha ukumbini au kwenye mchanga wa Rusizi. Na mchanga una faida moja ambayo chuma hakina, kwamba unaongezwa kwa kilo moja moja.

Mazoezi mengine hufuata kanuni hiyohiyo. Badala ya kuinua chuma kutoka chini, mtu huegemeza mabega kwenye benchi, akaweka mfuko wa mchanga juu ya nyonga na kuinua nyonga hadi mwili unyooke. Badala ya kujishikilia kwa viganja katika mazoezi ya tumbo, hujishikilia kwa vigasha, viwiko vikiwa chini ya mabega. Na kubeba dumu la maji la lita 20 kwa mkono mzima peke yake, kwa hatua za polepole, hukilazimisha kiwiliwili kisipinde upande mmoja, jambo ambalo pompi hazikuwahi kulidai.

Upande wa pili wa imani ya mapumziko, wapo wanaofunga kifundo kwa kitambaa na kuendelea na pompi kama kawaida, kwa madai kwamba maumivu ni udhaifu. Hao wanaonekana kuwa wapinzani wa wale wa kwanza, lakini wanakubaliana nao katika kosa la msingi: pande zote mbili zinauhesabu mwili kuwa kitu kimoja kinachofanya kazi chote au kisichofanya kazi chote. Pompi ya kawaida huweka takribani asilimia 64 ya uzito wa mwili juu ya mikono, kwa hiyo kijana wa kilo 68 anaweka karibu kilo 22 juu ya kila kifundo, tena kikiwa kimepinda nyuma, mkao uleule uliokichana. Kitambaa hakipunguzi hata kilo moja kati ya hizo.

Wiki za kijana huyo zinaweza sasa kufuatiliwa kwa ukaribu, tuseme ameanguka Jumapili katika mpira wa kikapu, amepigwa picha, na ameambiwa kwamba kano zimevutika na kuchanika kidogo bila mfupa kuvunjika. Hadi Jumatano anakaa na banzi, mkono ukiinuliwa juu ya kiwango cha moyo kila apatapo nafasi, na vidole vikikunjwa na kunyooshwa mara nyingi kwa siku ili visikakamae. Katika siku hizo kutembea kunatosha, kwa sababu uvimbe unadunda kila mapigo ya moyo yanapopanda, na kuchanganya maumivu ya mazoezi na ya jeraha jipya humnyima mtu uwezo wa kutambua lipi ni lipi. Alhamisi anaanza miguu: seti tatu za mara nane kwa kila mguu na begi la kilo 8, akishuka kwa sekunde tatu, na kuacha akiwa bado angeweza kuongeza mara mbili. Ijumaa anafanya mkono mzima na vitanzi vya mpira, seti tatu za mara kumi na mbili, akianza na mkono mzima ili ajue kiasi cha kazi, kisha akifanya kiasi hicho au pungufu kwa kitanzi cha upande mgonjwa. Jumamosi, badala ya kukimbia na kundi katika barabara yenye mashimo, anapanda kwa miguu kuelekea Gihosha, ambako ardhi inainuka kutoka tambarare ya Imbo, kwa dakika 40 na mwendo unaomfanya aongee kwa sentensi fupi.

Wiki ya pili begi linafika kilo 10, na seti zinakuwa nne. Wiki ya tatu linafika kilo 12, ambazo kwa hesabu iliyotangulia zinamrudisha pale alipokuwa kabla ya kuanguka. Na wiki ya nne, akiwa na kilo 14, amepita alipokuwa. Kijana mwenzake aliyeambiwa apumzike hadi apone hatakuwa amepoteza nguvu nyingi katika wiki mbili za kwanza, na ni vizuri jambo hilo lisemwe, kwa kuwa hofu ya kunyauka ndani ya siku kumi haina msingi. Tatizo lake ni lile neno "hadi apone". Maumivu ya kifundo kinapobebeshwa uzito kikiwa kimepinda nyuma yanaweza kubaki miezi miwili au mitatu baada ya kila kitu kingine kutulia, na kwa muda huo wote anayesubiri maumivu yaishe kabisa hana tarehe ya kurudi. Pumzi hupungua mapema, nguvu ya miguu hufuata, na kijana anayerudi uwanjani akiwa na miguu iliyolegea ndiye anayeanguka tena.

Kurudi kwa kifundo chenyewe nako kunataka kipimo badala ya kukisia, na mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili, ile inayowekwa sakafuni, inafaa kwa kazi hiyo. Maumivu ya kupumzika yakishaisha, mara nyingi katika wiki ya pili kwa jeraha kama hili, kifundo hukunjwa na kunyooshwa taratibu bila mzigo, kisha kiganja husukumana na kiganja kwa sekunde 30 bila kifundo kusogea, mara tano kwa siku. Baada ya hapo mizani huwekwa juu ya meza na kijana huibonyeza kwa kiganja kilichofunguliwa, akisoma ni kilo ngapi zinafika kabla ya maumivu kupita kiwango cha mbili katika kumi. Ikisoma kilo 6 au 7, anaweza kujisukuma akiwa amesimama mbele ya ukuta. Ikisoma kilo 14, anaweza kujisukuma kutoka kwenye benchi la sentimita 60, kwa sababu katika kimo hicho mikono hubeba takribani asilimia 41 ya uzito wa mwili, ambazo kwake ni kilo 28 kwa mikono miwili. Ikifika kilo 22, sakafu imefunguka, kwanza kwa ngumi juu ya kitambaa kilichokunjwa, ambapo kifundo kimenyooka, halafu kwa kiganja. Ngumi zisichukuliwe kuwa njia ya mkato katika wiki ya kwanza, kwani kifundo kilichonyooka bado kinabeba uzito uleule na kikitetereka upande hakina cha kukishika.

Kila hatua huhukumiwa asubuhi ya pili. Uvimbe ukirudi, mshiko ukiwa dhaifu kuliko jana mtu anapokamua taulo lililolowa, au kifundo kikimwamsha usiku, hatua hiyo ilikuwa kubwa mno, na kijana hurudi kwenye iliyotangulia kwa siku tatu huku miguu ikiendelea na ratiba yake bila kuguswa. Wiki tatu zikipita bila namba ya mizani kupanda, si suala la mazoezi tena. Linarudi kwa daktari, kwa kuwa huenda kano iliyodhaniwa kuchanika kidogo imekatika, au mfupa haukuonekana.

Inabaki hoja ya mwisho ya watetezi wa mapumziko, ambayo ndiyo bora kuliko zote, nayo ni hofu ya kuanguka mara ya pili. Hofu hiyo ni halali, lakini inakataza mambo machache yanayoweza kutajwa kwa majina: mpira wa kikapu na wa miguu wenye kugongana, judo, baiskeli barabarani, ambayo hudai mkono wa kushika breki, na kukimbia ndani ya msongamano. Kuchuchumaa kando ya ukuta, kuinua nyonga kwenye benchi na kupanda Gihosha mchana kweupe havimo katika orodha hiyo. Kocha anayetaka kumlinda mchezaji wake amzuie kuingia uwanjani hadi mizani isome namba ileile kwa mikono yote miwili, na katika wiki hizo ampe kona ya uwanja, begi la mchanga na mpira wa baiskeli.